Usaili wa ualimu: niandike majibu kamili au vidokezo?

Chaki Mpya
Wakuu, nina usaili wa ualimu wiki ijayo, nafasi ya mwalimu anayeanza. Rafiki kanitumia picha za maswali aliyoyaandika kwa mkono. Nijiandalie majibu kamili nikariri, au vidokezo tu?

Mzee wa Ubao
Mwalimu, hujasema: wa kuandika au wa mdomo? Somo gani?

Chaki Mpya
Samahani. Wa mdomo, hisabati darasa la nne. Maswali 11. La 7 linasomeka "Taja vipengele vya a…io la", kisha picha imekatwa. Nimelichukulia kuwa andalio la somo.

Kalamu Nyekundu
Andika kamili. Mimi nikiandika neno kwa neno linakaa kichwani, na kwenye usaili siyumbi.

Mama Rejesta
Hilo la 7 usilikisie, mdogo wangu. Laweza kuwa azimio la kazi. Andalio ni la kipindi kimoja, azimio linapanga mada za muhula mzima, wiki kwa wiki. Mimi yalinikuta. Nilikariri jibu la andalio, ukurasa mzima. Nikaulizwa azimio, mdomo ukaanza wenyewe: utangulizi, maarifa mapya, hitimisho… Mjumbe mmoja akaweka kalamu chini. Akaniuliza, "Mada ikichukua wiki mbili badala ya moja, unarekebisha wapi?" Sikuwa na neno, maana nilichokariri hakikuwa na mahali pa kuanzia upya. Mwombe rafiki apige tena ukurasa ule, pembe zote nne zionekane.

Dirisha
Piga mchana, simu iwe juu ya karatasi moja kwa moja, kivuli chako kisiangukie maandishi.

Chaki Mpya
Asante, ila daftari analo yeye, na yuko safarini.

Mzee wa Ubao
Basi andaa yote mawili, andalio na azimio. Kwanza nakili maswali yote kwa mwandiko wako, usipoona neno weka alama, usijaze. Kisha kila jibu liwe na msimamo wa sentensi moja na tukio moja la darasani. Mfano, "Utajuaje wanafunzi wameelewa?" Jibu: "Katikati ya kipindi kila mmoja anaandika ipi kubwa, 1/3 au 1/4, na kwa nini. Anayechagua 1/4 ameangalia kwamba 4 ni kubwa kuliko 3. Huyo nampa vipande viwili vya karatasi vinavyolingana, anakunja kimoja mara tatu sawa, kingine mara nne sawa, analinganisha mafungu." Hilo hulikariri, unalikumbuka kwa sababu umelifanya.

Kalamu Nyekundu
Na ambaye hajawahi kushika darasa?

Mzee wa Ubao
Mazoezi ya kufundisha chuoni alifanya. Atumie hayo.

Kalamu Nyekundu
Wengine tulipewa kusimamia mitihani tu wiki nzima. Bado nasema aandike kamili, walau maswali mawili ya mwanzo.

Mama Rejesta
"Kunja mara tatu" mtoto atakunja mara tatu kweli, apate mafungu manane. Sema "mafungu matatu sawa".

Mzee wa Ubao
Kweli kabisa, dada. Nimekosea.

Chaki Mpya
Nimeanza kunakili. La 9 nalo lina neno silioni, "adha…" au "adhi…". Ni adhabu?