Naomba ushauri: Tudor ya mashine ya ETA au ya mashine yao wenyewe?

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nipo Unguja, nimepata saa mbili za Tudor Black Bay za mkono wa pili, bei zinakaribiana. Moja ni ya kabla ya 2016: usoni ina alama ya waridi, maandishi ya chini yamepinda, na ndani ina mashine ya ETA 2824, iliyonunuliwa kwa kampuni nyingine. Ya pili ina alama ya ngao na mashine yao wenyewe ya MT5602, inayokaa na nguvu kwa muda wa saa 70, wakati ETA ni kama 38 tu.

Huo muda wa saa 70 naupenda, ila matengenezo ndiyo yananikosesha raha. ETA 2824 imo kwenye saa za kampuni nyingi, na mashine ya Sellita SW200 imeigwa humo humo, hata vipuri vingi vinaingiliana. Fundi wangu wa Darajani anasema hiyo anaifungua, anaisafisha na kuitia mafuta mwenyewe. Springi ikikatika anaagiza nyingine. MT5602 hata kuigusa hataki, maana vipuri vyake haviuzwi kwa fundi wa mtaani. Itabidi isafirishwe kwa wakala nje ya Zanzibar, nilipie huduma nzima hata kama kilichoharibika ni kigurudumu kimoja.

Kwenye kuuza tena sina uhakika. Wengi wanaulizia mashine ya kampuni yenyewe, lakini wapo wanaoitafuta ile ya waridi kwa sababu ni nyembamba zaidi.

Waliowahi kupeleka MT5602 huduma, mlilipa kiasi gani na ilichukua muda gani? Na aliyeuza mojawapo, ipi ilitoka haraka?