Tupeane uzoefu: gari inatetemeka ukiwa D, ukitia N inatulia

Mkaazi wa Bububu
Assalaam alaykum. Naanza na yangu, IST. Nikisimama kwenye foleni ya Mwanakwerekwe gia ikiwa D, usukani unatetemeka na dashibodi inagonga. Nikitia N, kimya. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi zote na koili moja, hali ikabaki ile ile. Wa pili aliniambia nivute hendibreki na nikanyage breki hasa, boneti iwe wazi, yeye akasimama ubavuni, si mbele ya gari. Nikatia D, kisha R. Injini ikainuka na kurudi kwa kishindo. Kumbe ni maunting, ile mipira inayobeba injini: ya kulia ilishavuja mafuta meusi, ya nyuma mpira umekatika, chuma kinagusa chuma. Nyie wenzangu yaliwakuta vipi?

Dereva wa Noah
Mie nasema ni plagi. Yangu ilitetemeka hivyo hivyo, nikaweka mpya, ikatulia.

Fundi Chake
Ndugu yangu, ukitia N ilikuwa inatulia kabisa?

Dereva wa Noah
Hapana, ilipungua tu.

Fundi Chake
Basi yako ilikuwa inamisi, yaani silinda haichomi vizuri. Misi haichagui gia. Ukiwa D umeshika breki, gia boksi inataka kwenda na magurudumu yamezuiwa, kwa hiyo raundi zinashuka na injini inajipinda juu ya mipira yake. Mpira ukiwa mzima huumeza mtetemo. Ukifa, mtetemo wote unaingia bodini. Ila tazama na mshale wa raundi: ukitia D ukashuka mpaka karibu na 500, safisha throto kwanza kabla hujanunua maunting.

Mama wa Wete
Vitz yangu inatetemeka nikifika 80 tu, nikipunguza inaacha. Ninunue maunting?

Fundi Chake
Hapana bibie, usinunue. Anza na balansi ya magurudumu.

Abuu wa Fuoni
Mie nilibadilisha moja tu, ile iliyokatika. Haikufika mwaka. Zile kuukuu zilikuwa zimelegea, mzigo wote ukaiangukia mpya.

Fundi Chake
Na kuifunga vibaya pia huiua. Weka ubao juu ya jeki chini ya sampu, inyanyue injini kidogo tu, toa moja moja. Boliti usizikaze mwisho mpaka injini imekaa mahali pake yenyewe. Ukizikaza imepinda, mpira unaanza kazi umeshavutwa.

Abuu wa Fuoni
Na mtumba au mpya? Mpya za bei rahisi nilizopata ni ngumu, gari ilitetemeka tangu siku ya kwanza.

Dereva wa Noah
Mtumba wa Japani bora, mpira wake laini.

Fundi Chake
Laini ndiyo, lakini umri wake huujui. Ubonyeze, utazame nyufa.

Mkaazi wa Bububu
Mie nimeweka mbili mpya, ya gia boksi nimeiacha. D sasa imetulia, lakini nikiwasha AC kuna mtetemo mdogo umebaki. Ndiyo hiyo ya gia boksi, au ni raundi?