Naombeni ushauri: kichwa na maelezo ya video yangu ya pilau kwa wanaoanza kupika

Mama_Buzuruga

Wakuu habari za jioni. Nipo Mwanza, Buzuruga. Wiki tatu zilizopita niliweka YouTube video ya kupika pilau ya nyama kwenye jiko la mkaa, ina dakika 14 na sekunde 20. Niliirekodi kwa ajili ya mdogo wangu aliyehamia Geita kikazi na hajawahi kupika zaidi ya chai na mayai, nikaona na wengine wa aina yake wafaidike.

Kichwa nilichoandika ni hiki: PILAU TAMU BALAA!!! UTAJIRAMBA VIDOLE | JIKONI KWETU SEHEMU YA 4. Kwenye maelezo niliandika "Karibuni tena wapendwa, leo tunapika pilau, msisahau kusabskraibu," kisha namba za muda za kila hatua.

Waliotazama ni 212, na wengi wao ni ndugu na majirani. Kinachoniumiza zaidi ni maoni. Watu saba wameuliza kitu kilekile: "Maji kiasi gani?" Na zile namba za muda hazijaigawa video vipande kama ninavyoona kwa wengine. Nataka kuandika upya kichwa na maelezo. Nianzie wapi?

Kapripointi

Dada, tatizo ni tagi. Jaza tagi zote zinazotafutwa sana: pilau, biriani, chapati, harusi, hata majina ya wasanii wanaovuma. Halafu weka alama za reli nyingi chini ya maelezo. Ndivyo nilivyofanya kwenye video zangu za mpira.

Mwaloni_Kirumba

Kapripointi, kwenye alama za reli una hoja, ila si nyingi. Ukiweka mbili au tatu zinazohusu video, zinaweza kuonekana karibu na kichwa na mtu akabofya. Ukipitisha 60, YouTube inazipuuza zote. Tagi nazo zina kazi ndogo, zinasaidia pale watu wanapokosea tahajia, kwa mfano anayeandika "pilao". Kuweka jina la msanii kwenye video ya pilau ni kumdanganya mtazamaji, na sheria zao zinakataza. Dada asifanye hivyo.

Mama_Buzuruga, tuanze na kichwa. Mdogo wako akiwa Geita na sufuria mbele yake ataandika nini kwenye simu? Hataandika "utajiramba vidole". Ataandika "jinsi ya kupika pilau". Kichwa chako hakina neno "jinsi", hakina "kupika", hakina "nyama". Maneno ya mwanzo ndiyo yenye thamani, kwa sababu kichwa kinaruhusiwa hadi herufi 100 lakini kwenye simu mkia unakatwa. "Sehemu ya 4" nayo inamtisha mgeni, anadhani amekosa tatu za kwanza.

Halafu una bahati ambayo hujaiona. Watu saba wamekwambia kinachowasumbua. Anayeanza haogopi kwamba pilau haitakuwa tamu, anaogopa itatoka bokoboko au itabaki na kiini. Kwa hiyo kipimo cha maji kiingie kwenye kichwa chenyewe. Ila kwanza niambie, kwenye video ulitia kiasi gani?

Mama_Buzuruga

Mwaloni, nilifanya kama nilivyofundishwa na mama: supu ipite mchele kwa pingili moja ya kidole. Kwenye video nasema hivyohivyo.

Mwaloni_Kirumba

Hapo ndipo penyewe. Pingili ni kipimo kizuri kwa mkono uliozoea, lakini kinategemea upana wa sufuria. Sufuria pana yenye mchele kidogo, pingili ileile ni maji mengi mno. Usiandike "kipimo cha maji" kwenye kichwa kabla hujakuwa nacho, maana mtu atafungua, hatakiona, atatoka. Pika tena sufuria hiyohiyo, safari hii pima kwa kikombe, ulete majibu.

Nansio_Lishe

Mimi ninauza chakula hapa Nansio, Ukerewe. Pilau yangu siku hizi inashika chini na juu mchele bado mbichi, na nimebadilisha nikaanza kutumia gesi. Je, niongeze maji?

Mwaloni_Kirumba

Nansio, usiongeze maji. Moto wa gesi unakaa katikati ya sufuria. Supu ikikauka hadi usawa wa mchele, shusha moto hadi mwisho, weka bati au kikaango kizito chini ya sufuria na mfuniko unaobana juu. Kwenye mkaa unapalia makaa juu ya mfuniko, kwenye gesi huna makaa hayo, kwa hiyo mvuke usitoke.

Na hili linakuhusu Mama_Buzuruga. Maelezo yako yaseme wazi kwamba ni jiko la mkaa. Mwenye gesi akifuata dakika zako bila kujua hilo atakulaumu wewe.

Bi_Kizimkazi

Samahani, mimi sikubaliani na nyanya niliyoiona kwenye sufuria. Pilau haitiwi nyanya. Rangi inatoka kwenye kitunguu kilichokaangwa kikawa kahawia na supu ya nyama. Ukitia nyanya ule ni wali wa nyanya.

Mama_Buzuruga

Bi Kizimkazi shikamoo. Ni nyanya moja tu, na nyumbani kwetu ndivyo tunavyopika. Nilikuwa nauliza kuhusu kichwa na maelezo, lakini nakushukuru.

Bi_Kizimkazi

Marahaba mwanangu. Basi andika kwenye maelezo kwamba ina nyanya, wa pwani wajue mapema. Na kitu kingine. Kwenye video unasema "binzari nyembamba". Huku kwetu tunaiita uzile au bizari ya pilau, wengine jira. Kijana akienda dukani na jina moja tu anaweza kupewa binzari ya manjano, na nimeona pilau ya namna hiyo, imetoka njano kama ubwabwa wa mtoto. Yaandike majina yote.

Mwaloni_Kirumba

Hilo la Bi Kizimkazi ni kubwa kuliko alivyolisema. Maelezo yana nafasi ya herufi 5,000, majina hayo yote yanaingia, na anayetafuta kwa neno "uzile" naye unampa nafasi ya kukupata. Ila yakae ndani ya orodha ya mahitaji, kwa sentensi, si rundo la maneno mwishoni.

Mama_Buzuruga

Nimerudi. Jana nimepika tena. Kikombe cha mililita 250: mchele vikombe 4, nikauloweka dakika 20 nikauchuja, supu vikombe 6. Umetoka punje mojamoja. Mchele ulikuwa wa Magu, wa msimu uliopita. Nilijaribu kiasi kidogo cha mchele mpya wa jirani kwa uwiano uleule, ukalainika zaidi ya ninavyopenda.

Nimerekodi kipande cha kupima na nimebandika linki yake kama maoni ya juu kabisa. Sasa nione kichwa: Jinsi ya kupika pilau ya nyama: kipimo cha maji kwa anayeanza. Herufi 61 pamoja na nafasi.

Mwaloni_Kirumba

Kichwa kimekaa. Hata mkia ukikatwa, "jinsi ya kupika pilau ya nyama" inabaki. Kukibadilisha hakutakupotezea maoni wala watazamaji, linki inabaki ileile.

Kwenye maelezo, mistari miwili ya mwanzo ndiyo inayoonekana kabla mtu hajabofya kufungua yote. Wewe umeitumia kwa salamu. Weka jibu hapohapo, usimfiche kipimo ili akae atazame. Anayepata jibu akiwa na haraka ndiye atakayerudi kutazama vitunguu vinavyokaangwa, maana hicho hakisomeki, kinaonwa.

Namba za muda hazikugawa video kwa sababu umeanzia 0:15. Ya kwanza lazima iwe 0:00, ziwe tatu au zaidi, zifuatane kwa mpangilio, na kila kipande kisipungue sekunde 10. Pia umeweka 4:30 na 4:36, hizo zimekaribiana mno.

Jambo la mwisho: salamu zako zinaenda hadi 1:45. Kichwa kinachoahidi kipimo hakiendani na mtu kungoja karibu dakika mbili. Ndani ya YouTube Studio kuna kihariri, kata sekunde 90 za mwanzo. Ukishakata, kumbuka kila namba ya muda inarudi nyuma kwa dakika moja na nusu.

Kapripointi

Nimejifunza hapo. Lakini kwa nini asiongeze Kiingereza kwenye kichwa? Watu wa nje wanatafuta pilau pia. Na neno Mwanza liongezwe, watu wa kwetu wanapenda kuona mji wao.

Mwaloni_Kirumba

Kiingereza asikichanganye. Kwenye Studio kuna sehemu ya lugha, unaweka tafsiri ya kichwa na maelezo, anayetumia lugha ile anaona yake. Kuhusu Mwanza, mimi naona likae kwenye maelezo. Anayeanza hatafuti pilau kwa mji.

Kapripointi

Hapo bado sijakubali.

Mama_Buzuruga

Nimekata salamu, na kati ya zile 4:30 na 4:36 nimeondoa moja ikabaki moja. Maelezo mapya haya hapa:

```
Mchele vikombe 4, supu vikombe 6 (kikombe cha mililita 250).
Mchele mpya? Anza na supu vikombe 5 na nusu. Jiko la mkaa.

Mahitaji: nyama nusu kilo, vitunguu maji 4, nyanya 1,
kitunguu saumu, tangawizi, mdalasini, iliki, karafuu,
pilipili manga, na binzari nyembamba (uzile, jira,
bizari ya pilau), si ile ya manjano.

0:00 Tunachopika
0:15 Mahitaji
1:40 Kuchemsha nyama
3:00 Kukaanga vitunguu hadi kahawia
6:35 Kupima supu na kutia mchele
9:20 Kupalia makaa
11:10 Kupakua

Imepikwa Mwanza. #pilau #mapishi
```

Vipande vimetokea. Mdogo wangu amefungua pale 6:35 moja kwa moja.

Bi_Kizimkazi

Vizuri mwanangu. Kwenye 3:00 ungeongeza "visiungue", maana kitunguu kikiwa cheusi pilau inakuwa chungu na hakuna dawa yake.

Nansio_Lishe

Nimeweka bati chini ya sufuria leo. Chini haijashika, ila juu bado kuna punje ngumu kidogo. Mfuniko wangu umepinda. Niweke karatasi ya foili chini yake au ninunue mwingine?