Mteja yupo Ujerumani, anasema hela katuma tangu wiki jana, kwangu haijaingia. Nimwombe vipi uthibitisho?

Mpagazi_Mstaafu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima mbele. Nina kibiashara cha kupandisha wageni mlimani, nipo Moshi. Kuna dada mmoja, Mtanzania mwenzetu anayeishi Hamburg, analeta wageni wanne kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Tulikubaliana atangulize euro 3,200 ili nilipie ada za hifadhi na kupanga wapagazi. Alhamisi iliyopita akaniandikia WhatsApp: "Kaka nimeshatuma." Leo Jumatano, akaunti yangu ya euro iko vilevile. Nikimuuliza ananirushia picha ya skrini ya simu yake, Kijerumani kitupu, na tiki ya kijani. Mteja huyu nimeletewa na shemeji yangu, sitaki dada ahisi namwita tapeli. Nimwandikie nini?

Kaka_wa_Mbagala

Usikubali kabisa! Mimi jamaa alinionyesha meseji ya muamala, nikamkabidhi simu mbili, kumbe meseji imetoka namba ya kawaida tu ya mtu. Tangu siku hiyo naangalia salio kwanza, meseji baadaye. Mwambie akupe namba ya muamala upige huduma kwa wateja.

Mpagazi_Mstaafu

Pole mkuu, ila hii si ya mtandao wa simu. Ni benki ya huko kuja benki ya hapa.

Bi_Hesabu

Nimekaa dawati la malipo ya nje miaka mingi kabla ya kuacha benki, kwa hiyo nisikilize kidogo.

Hiyo picha, angalia maneno yaliyo karibu na tiki. Kama ni "Auftrag angenommen", maana yake benki yake imepokea agizo lake. Haisemi kwamba hela imetoka, wala kwamba imefika. Agizo linaweza kupokelewa Alhamisi jioni, likaanza kushughulikiwa Ijumaa, kisha Jumamosi na Jumapili zikapita bure. Halafu euro kutoka Ujerumani kuja Tanzania mara nyingi haiji moja kwa moja. Inapita benki ya kati ambayo benki yako ina akaunti nayo ya euro, ndipo inaletwa huku. Siku nne za kazi si ajabu. Kwa hiyo dada anaweza kuwa anasema kweli kabisa na wewe ukawa huna kitu.

Usimwombe "risiti", atakurudishia picha ileile. Mwombe nakala ya ujumbe wa SWIFT wa malipo hayo, yaani ule ambao benki yake imetuma kwa benki nyingine, pamoja na namba ya kuyafuatilia inayoitwa UETR. Zamani ujumbe huo tuliuita MT103. Tangu Novemba 2025 benki zinatumia mfumo mpya na jina lake ni pacs.008, lakini ukitaja MT103 kaunta bado wengi watakuelewa. Yeye ndiye mwenye haki ya kuiomba benki yake, wewe huwezi. Wengine hutozwa ada kidogo, jitolee kuilipa.

Mwandikie hivi:

"Dada habari za Hamburg. Nimepita benki leo, malipo bado hayajaonekana upande wangu. Benki ya hapa inaweza kuyatafuta, ila wanahitaji namba ya UETR na nakala ya ujumbe wa SWIFT. Naomba uiombe benki yako ikupe, na kama kuna gharama nitakurudishia. Nakuomba pia usitume mara ya pili wala usifute hii kwanza, tujue ilipo. Ada za hifadhi natakiwa kulipa kabla ya tarehe tuliyokubaliana, ndiyo maana nakusumbua mapema."

Umeona, hakuna mahali umesema "hujatuma". Unatafuta hela pamoja naye. Hilo la kutofuta ni la muhimu: akiingiwa na hofu akaomba irudishwe ikiwa njiani, mtasubiri wiki nyingine.

Don_Forodhani

Nakubaliana na Bi Hesabu. Akishakupa hiyo MT103 basi mchezo umeisha, hela ni yako, anza kulipia kila kitu.

Bi_Hesabu

Hapo pole pole. Inaonyesha benki yake imetuma. Haionyeshi kwamba akaunti yako imepokea, na hela inaweza kukwama au kurudishwa. Isitoshe ni karatasi tu, PDF yoyote hutengenezwa. UETR ina herufi na tarakimu 36 ukihesabu na vistari vinne, na kundi la tatu huanza na 4. Ikiwa pungufu, ujue imenakiliwa vibaya au imetungwa. Lakini ikiwa sawa bado hujathibitisha kitu mpaka benki yako iitafute kwenye mfumo.

Na akishaileta, kabla ya yote soma namba ya akaunti ya mpokeaji, tarakimu kwa tarakimu. Kuna wezi wanaoingia kwenye barua pepe, wanabadilisha namba kwenye ankara, mteja analipa kwa nia njema akaunti ya mtu mwingine. Ukikuta namba si yako, mpigie simu saa hiyohiyo, usijibu kwa barua pepe ileile, naye akimbilie benki yake.

Mpagazi_Mstaafu

Asante sana dada. Nimemtumia kama ulivyoandika, amejibu vizuri tu, anasema hata yeye alikuwa hapati usingizi.

Mpagazi_Mstaafu (Ijumaa)

Mrejesho. Kaleta ujumbe wa SWIFT. Namba ya akaunti ni yangu, UETR imekamilika. Ila sehemu ya jina la mpokeaji kaandika jina la kampuni analolijua yeye, lile lililo kwenye gari, badala ya jina langu lililo kwenye akaunti. Nimeenda benki, binti wa kaunta akasema hakuna kitu.

Bi_Hesabu

Kaunta anaona akaunti yako tu. Rudi, usiulize kama hela imeingia. Uliza kitengo cha malipo ya nje kama kuna malipo yanayosubiri yenye UETR hiyo. Wasitafute kwa kiasi, kwa sababu kama gharama mligawana, benki za njiani zimekata na haitakuwa 3,200 kamili.

Mpagazi_Mstaafu (Ijumaa mchana)

Ipo! Imekaa kwao tangu Jumanne, imezuiliwa kwa sababu jina halifanani. Wanataka ankara na cheti cha jina la biashara cha BRELA kuonyesha ni mimi, au benki ya dada itume masahihisho ya jina. Cheti ninacho, nimepeleka. Wameniambia nisubiri.

Don_Forodhani

Si nilisema? Lipia hifadhi sasa kwa hela yako, ikiingia unajirudishia.

Bi_Hesabu

Mimi nisingelipa. Ikikataliwa inarudi Ujerumani ikiwa imekatwa tena, na wewe umeshatoa za kwako. Mwambie dada aombe masahihisho kwa benki yake leo hii, sambamba na cheti chako. Usichague njia moja.

Kaka_wa_Mbagala

Na hizo zilizokatwa njiani nani anazilipa? Hapo ndipo mtagombana na shemeji.

Mpagazi_Mstaafu

Ankara yangu haikutaja. Nitamwomba tugawane, ila nasubiri kwanza nione zimekatwa ngapi.