Kamongo wa katuni: lafudhi ya Kisumu ibaki au itoke?

Mwandishi wa Dunga
Tunaandika katuni fupi za watoto, dakika 7 kila kipindi, zote ufuoni Dunga, Kisumu. Wahusika ni samaki: omena, mbuta, na mkuu wao kamongo, mzee mwenye habari zote za ziwa. Msemo wake ni "Ngoja nivute pumzi!" na nimemwandikia aseme "s" kila penye "sh": samba, sauri yenu, sangazi. Ukurasa wa kwanza wa skripti nimewawekea hapa. Wazazi wawili waliosikiliza wanasema tunawacheka Wajaluo. Lafudhi ibaki au itoke?

Nyanya wa Kondele
Itoke leo leo. Kila kichekesho nchi hii, Mjaluo hana "sh", Mluhya anachanganya "b" na "p", halafu yule wa Nairobi ndiye mwenye akili na ndiye anayeongea sawasawa. Wajukuu wangu wamezaliwa hapa Kondele na "shamba" wanaitamka kama watangazaji wa redio. Huyo kamongo wako anaongea kama nani?

Nakuru Hatuna Haraka
Mama, kwa heshima zako zote, katuni isiyo na lafudhi ni taarifa ya habari. Watu wa ziwani "sh" inawashinda, hiyo si siri. Tena tuambiane ukweli, Kiswahili cha Kisumu hakijawahi kuwa Kiswahili.

Omera wa Manyatta
Hebu msikieni huyu wa Nakuru. Nyinyi wa "kitu yangu" na "hiyo mtoto" mtatufundisha Kiswahili? Flamingo wenyewe waliwasikia mkiongea wakaamua kwenda Bogoria.

Nakuru Hatuna Haraka
Flamingo walienda kwa sababu maji ya ziwa yalipanda, chakula chao kikapungua. Soma kidogo. Na ngeli zangu ziko sawa kuliko zako.

Omera wa Manyatta
Ngeli gani? Andika sentensi moja yenye "gari" tuone.

Mwalimu wa Kakamega
Nyinyi wawili, tulieni kwanza. Mimi yalinikuta darasani, Darasa la Pili. Niliwawekea kichekesho cha kunaswa sauti ambamo mzee mmoja anaongea kwa "s" hivyo hivyo. Akatangaza kwamba kesho kuna "sindano" kubwa. Watoto wawili wakaanza kulia, wakadhani wanakuja kuchanjwa. Alimaanisha shindano la kukimbia. Kwa mtoto anayejifunza lugha huo si utani, anapotezwa njia.

Msee wa Katuni Zote
Mnazunguka tu. Msemo mzuri hauhitaji lafudhi wala nini. Angalieni Homer Simpson, yule baba wa katuni ya Marekani, na ule mguno wake, "D'oh!" Waandishi walikaa mezani wakaubuni, wakauandika, ukashika dunia nzima. Mwandishi ajifungie chumbani abuni mlio kama ule, basi.

Fundi wa Kinasa
Si hivyo, ndugu. Kwenye skripti hakukuwa na neno lolote, yalikuwa maelezo tu kwamba hapo anaguna kwa kero. Mguno wenyewe aliuleta mwigizaji, Dan Castellaneta. Aliurefusha, na mwenye katuni, Matt Groening, akamwambia aukate, maana katuni haina muda wa mguno mrefu. Kwa hiyo mwandishi alifungua nafasi, sauti ikaijaza, na muda wa picha ukaamua urefu.

Sasa kwako Mwandishi. Mimi kazi yangu ni kunasa sauti, za katuni na za matangazo. Tatizo la "s" yako ni kwamba umeandika namna ya kutamka, hujaandika namna ya kuongea. Fanya jaribio hili. Chukua skripti, ziba majina yote ya wahusika, futa pia "Ngoja nivute pumzi" popote ilipo, rudisha kila "sh" mahali pake. Mpe mtu ambaye hajaisoma, aweke alama pale anapodhani kamongo ndiye anayesema. Akikosea kosea, ujue mhusika wako hana tabia ya kuongea. Ana vazi tu.

Mwandishi wa Dunga
Nimempa dada yangu jana usiku. Kwenye ukurasa wa kwanza kamongo alimwona mara moja tu, na hapo alibahatisha. Maneno ya kamongo ameyapa omena, ya omena ameyapa mbuta. Lakini nikitoa "s" atachekesha kwa nini?

Mama wa Samaki Kibuye
Mimi nauza kamongo wa kukaushwa kwa moshi na sijaelewa mnauliza bei au vipi. Ila huyo samaki mnamwandika vibaya. Kamongo hupanda juu kuvuta hewa kama mtu. Nyavu zikimshika chini asifike juu, anakufa maji, samaki mzima. Wavuvi humsikia usiku akimeza hewa, *kwap*. Na kiangazi dimbwi likikauka anajizika matopeni, anajifunika ute wake ukakauka kama ganda, analala mpaka mvua irudi. Bei ya jumla njooni sokoni.

Fundi wa Kinasa
Mama huyu amemaliza kazi. Mwandishi, mhusika wako *lazima* avute pumzi, na wewe umeifanya salamu tu. Kwenye ukurasa uliotuwekea anaisema akiingia, akishangaa, akikasirika na akiaga. Hapo msemo hauna kazi.

Chukua mstari wako huu:

"Ngoja nivute pumzi! Sauri yenu, mbuta ndiye ameiba nyavu za wavuvi!"

Msemo uko mbele, habari inatoka yote kwa mkupuo, kilichobaki cha kuchekea ni "sauri". Sasa mwache aishiwe hewa katikati ya habari:

"Aliyeiba nyavu za wavuvi, nimemwona kwa macho yangu haya, ni… ngoja nivute pumzi."

Anapanda juu. Omena wanabaki chini wanatazamana. *Kwap.* Anarudi: "Nilikuwa nasema nini?"

Angalia palipokatika. Ni baada ya "ni", neno moja kabla ya jina. Ukikata mapema zaidi, baada ya "aliyeiba", mtoto hajajua anangojea nini, hatajali. Ukikata baada ya jina, hakuna cha kungojea. Na msemo huu usije zaidi ya mara mbili kwa kipindi cha dakika 7. Siku ile habari ni ya hatari kweli, omena ndio waseme kwa pamoja, "Usivute pumzi, sema!"

Mchora Midomo
Naunga mkono, ila mniulize na mimi ninayechora. Kwetu sauti hunaswa kwanza, picha hufuata, fremu 25 kwa sekunde. Msemo huo ukitamkwa kwa mwendo wa kawaida unakula kama sekunde moja na nusu. "V" inataka meno yaguse mdomo, "p" na "m" zinataka mdomo ufumbe kabisa. Nikiupa huo mfumbo fremu moja tu, jicho haliuoni na kamongo anaonekana anatafuna hewa. Zipate mbili angalau. Kamongo ana domo pana, kosa lolote linaonekana toka Kisumu mpaka Busia.

Pia msifikirie nitachora msemo mara moja nikauweka kila kipindi. Mwigizaji akiusema haraka au akiuvuta, midomo haikubaliani tena na sauti. Mkitaka picha ileile, na sauti iwe ileile, na baada ya vipindi vichache mtoto ataichoka.

Nakuru Hatuna Haraka
Sawa, ya pumzi nimeikubali. Lakini sasa Kisumu iko wapi? Huyo kamongo anaweza kuwa wa Naivasha.

Omera wa Manyatta
Naivasha hakuna kamongo, ndugu wa "gari yangu". Kisumu iweke kwa majigambo. Mjaluo mwenye habari haanzi na habari, anaanza na pakruok. Ajisifu, amsifu rafiki, ndipo aseme. Mfano:

"Mimi kamongo mwana wa matope, ninayelala kiangazi na mvua ikaja kuniuliza nilikuwa wapi! Nimekaa na nani hapa? Na omena, wadogo kwa mwili, wengi kwa ushahidi!"

Soma hiyo na "sh" zote mahali pake uone kama si mtu wa huku.

Nyanya wa Kondele
Hiyo nimecheka.

Nakuru Hatuna Haraka
Kumbe! "S" ni matusi lakini Mjaluo wa kujigamba si matusi? Hiyo nayo si ndiyo mnayosemwa kila siku?

Omera wa Manyatta
Majigambo ni mchezo wetu. Tunauchezea kwenye sherehe, tunalipa hata pesa tusifiwe. "S" ni mchezo wenu mnaotuchezea sisi. Tofauti hiyo huioni kwa sababu hujawahi kuigizwa kwenye runinga.

Mwalimu wa Kakamega
Hapo mimi niko katikati. Majigambo hayo ukimpa kamongo peke yake, na wengine wote wawe wanyenyekevu, mtakuwa mmerudi palepale. Mpe na mbuta majigambo yake, ila yawe mabaya, ya mtu asiyejua kuyapanga. Ndipo mtoto atajua kamongo ni bingwa.

Fundi wa Kinasa
Mwalimu amesema kweli. Naongeza moja tu, ya kulala matopeni. Kamongo ambaye amelala miezi akaamka ana habari za zamani anazodhani ni mpya. Aulizie bei ya omena ya mwaka juzi, asimulie mafuriko yaliyokwisha. Hiyo ni tabia ya kuongea ambayo haitegemei ulimi wa kabila lolote. Majigambo, habari zilizochacha, na kukatika kabla ya jina. Zinamtosha, usimwongeze ya nne, atakuwa mzigo kwa mwigizaji.

Kuhusu ulimi, skripti iandikwe Kiswahili kilichonyooka, mwigizaji awe mtu wa Kisumu, asome kwa mdomo wake mwenyewe. Usimwandikie makosa.

Nyanya wa Kondele
Halafu huyo mwigizaji akifika kwenye kinasa ataongeza "s" mwenyewe ili mcheke. Nawajua. Wanalipwa kwa kicheko.

Fundi wa Kinasa
Akiongeza namsimamisha, narudia.

Nyanya wa Kondele
Siku usipokuwepo je?

Msee wa Katuni Zote
Mimi bado nasema mlio ungetosha. Hata ile *kwap* ya mama wa Kibuye inashinda msemo wote.

Mchora Midomo
Kwa hilo tu, msee, uko sahihi. *Kwap* ni mdomo kufunguka na kufumba, naichora upesi, na haina kabila. Ila mkitumia *kwap* bila msemo, watoto wa shule wataigiza nini uwanjani?

Mwandishi wa Dunga
Wataigiza *kwap*, nadhani. Nimeandika ukurasa upya, "s" zimetoka, majigambo yapo mawili, la mbuta limepinda makusudi. Dada yangu safari hii amemtambua kamongo karibu kila mahali, ila pale anapokasirika bado anasikika kama mbuta. Mtu akikasirika hajisifu, hangojei, na pumzi hana. Hapo nimwandikie nini?

Omera wa Manyatta
Anyamaze, apande juu, awaache chini.

Nakuru Hatuna Haraka
Aanze kusema "gari yangu".

Mama wa Samaki Kibuye
Kamongo akikasirika anauma, muulizeni mvuvi yeyote. Kwani bado hamjaja kuchukua samaki?