Laana ya rasilimali: ipo, au tunayasingizia mawe?

"Wakuu, Kongo ina kobalti, Nigeria ina mafuta, Angola ina mafuta na almasi, na wananchi hoi. Hii laana ya rasilimali ipo kweli, au ni kisingizio cha viongozi?"

Kijana wa Posta: Ipo, wala si siri. Dola za mafuta zikimiminika, sarafu inapanda thamani, mazao ya mkulima yanakosa soko nje na bidhaa za kigeni zinajaa madukani kwa bei rahisi. Nigeria ilitamba kwa karanga na kakao kabla ya mafuta. Mwaka 1995 wachumi Sachs na Warner walilinganisha nchi nyingi, wakakuta zinazotegemea mali ghafi zilikua polepole zaidi. Kesi imefungwa.

Bi Takwimu: Haijafungwa. Tazama walichopima: mauzo ya mali ghafi nje, ukigawa kwa pato la taifa. Tuseme nchi mbili kila moja inauza mafuta ya dola bilioni 2. Yenye pato la bilioni 4 inasomeka asilimia 50, yenye pato la bilioni 40 inasomeka 5. Mafuta ni yaleyale. Ya kwanza haina viwanda, na huenda ilivikosa kwa sababu ya vita au utawala mbovu uliokuwepo kabla hata kisima hakijachimbwa. Mwaka 2008 wachumi wengine, Brunnschweiler na Bulte, walipima thamani ya mali iliyo ardhini, na laana haikuonekana. Nao siwaamini moja kwa moja: mali huhesabiwa palipotafutwa, na penye risasi nani anatafuta?

Mmakonde halisi: Nyie na asilimia zenu! Mtwara mwaka 2013 watu waliingia barabarani kupinga bomba la gesi kwenda Dar. Mimi laana yangu ni hiyo, mali inatoka kwetu na kuondoka.

Bi Takwimu: Kaka, hapo unauliza nani anamiliki ndani ya nchi, na si swali dogo. Botswana ililijibu mapema. Sheria ya 1967 ilihamisha haki za madini kutoka makabila kwenda serikalini, na Orapa, ulipopatikana mgodi mkubwa wa kwanza, ni eneo la Wangwato, watu wa Rais Seretse Khama mwenyewe. Kisha serikali ikabana De Beers, kampuni ya almasi: hisa asilimia 15 za kampuni ya mgodi mwaka 1969, zikafika 50 mwaka 1975.

Mzee Kahawa: Botswana hiyohiyo ambayo almasi za maabara zimeibana, uchumi ukasinyaa 2024, na chama kilichotawala tangu 1966 kikaangushwa? Laana imechelewa tu njiani.

Bi Takwimu: Chama kushindwa kwa kura na kuondoka kwa amani si dalili ya laana, mzee wangu. Kutegemea almasi, hapo nakupa haki yako. Hawakuiba, waliweka akiba, wakajenga shule, na bado hawakupata cha pili cha kuuza.

Kijana wa Posta: Sasa kama hata wasioiba wamenasa, unawalaumuje viongozi?