Tangazo la sekunde 30 la kushona nguo, natumia simu tu, nianzie wapi?

sindano_na_uzi: Wakuu habari za saa hizi. Nina kiofisi changu cha ushonaji, cherehani mbili na ovaloki. Nataka kutengeneza tangazo la sekunde 30. Nimesharekodi vitu vingi, vitambaa, mashine, nguo zilizoning'inia, nikaviunga vikafika dakika nne na sioni cha kukata. Maelezo nayo nimeandika, suti, sare, magauni, mapazia, kupunguza, kuongeza, nikiyasoma nakimbia kama nafukuzwa na bado hayaishi. Nisaidieni.

KameraYaMfukoni: Tatizo lako siyo kukata, hujachagua unasema nini. Sekunde 30 zinabeba shida moja ya mteja mmoja. Chukua ile ya gauni kulegea kiunoni, maana inaonekana kwa macho bila kuelezwa. Sekunde 3 za kwanza, mkono unakusanya kitambaa kilichozidi ubavuni, pini inaingia. 4 zinazofuata mteja yuko mbele ya kioo, gauni linamwagika. Halafu 11 za kazi, shoti nne tu, chaki, kufumua mshono, cherehani, pasi. 7 mteja yule yule kioo kile kile anageuka, limemkaa. 5 za mwisho jina na namba. Maelezo ya mdomo yasizidi maneno 50 hivi, usome huku saa ya simu inahesabu.

Na kitu watu wanasahau, shoti za "kabla" unazirekodi KABLA hujagusa uzi. Ukishapunguza ndo basi, huwezi kulilegeza tena kwa ajili ya kamera. Weka alama sakafuni simu iliposimama na mteja aliposimama, ili ukirudi siku ya kuchukua nguo picha zifanane, hapo ndo mtu anaona tofauti ni ya gauni na siyo ya taa.

mzee_vifungo: Mi nakushauri weka huduma zote kwa maandishi, yapite haraka haraka, mteja atasimamisha asome. Na rekodi simu imelala, ndo inavyotakiwa.

KameraYaMfukoni: Mzee maandishi sawa, wengi wanaangalia sauti imezimwa, ila yawe machache, nani atasimamisha tangazo asome orodha? Kulaza simu inategemea linakwenda wapi. Kama ni status na video fupi za simu, isimamishe.

bobini_tupu: Samahani, hiyo cherehani yako inaruka mshono? Yangu kwenye vitambaa vya kuvutika inaruka kila baada ya nchi mbili.

sindano_na_uzi: Haha ndugu yangu badili sindano, weka ya ncha butu ya vitambaa vya kuvutika. Ila hapa tunaongelea video.

dada_pindo: Mimi langu lilinitoa jasho. Kitambaa cha suti chenye mistari myembamba kwenye video kikawa kinacheza mawimbi, nikadhani simu mbovu. Nikasogeza simu karibu zaidi yakapungua, mwisho nikatumia kitambaa kisicho na mistari. Gauni jeupe nalo likawa linang'aa lote, mishono haionekani, mpaka nilipobonyeza gauni kwenye kioo cha simu nikashikilia, mwanga ukajifunga, nikashusha kidogo. Halafu dirisha liwe ubavuni, likiwa nyuma ya mteja anakuwa kivuli. Sauti nilirekodi katikati ya nguo zilizoning'inia, mwangwi wote ukafa.

sindano_na_uzi: Nimerudi baada ya siku nne. Gauni nimelipata, la kijani, mteja kakubali kuonekana. Nimeunga klipu 8 kama mlivyosema, inakuja sekunde 34. Nafikiria kutoa shoti ya pasi.

mzee_vifungo: Toa pasi, nani haijui pasi.

dada_pindo: Asitoe! Mvuke ukipanda na mshono ukalala ndo mtu anajua hapa kuna fundi.

KameraYaMfukoni: Usitoe chochote kwanza. Angalia mwanzo wa kila klipu, lazima kuna mkono unaingia au simu inatulia. Kata nusu sekunde kila moja, klipu 8 hizo ni 4 ushapata. Na sauti ya cherehani iache isikike chini ya maelezo, muziki mi hata nisingeweka.

dada_pindo: Muziki kidogo muhimu bwana, bila muziki linapoa.

sindano_na_uzi: Imekaa 30 kamili na pasi ipo. Ya cherehani kweli mkono ulikuwa unatafuta gurudumu karibu sekunde nzima na sikuwa nimeona. Shida mpya, nimeweka kujaribu, namba ya simu iko chini kabisa na vitufe vya app vimeifunika.

KameraYaMfukoni: Ipandishe katikati, na upande wa kulia pia uache wazi.

bobini_tupu: Nimebadili sindano, imepunguza kuruka lakini haijaacha.